Kichwa cha modeli: parametri milioni 6 ao 2.565?

Mwenzetu mumoja wa agronomia alikuwa anatengeneza memwari yake ju ya magonjwa ya muhogo. Alikusanya foto mia kadhaa za majani (ndiyo, ile sombe yetu), akazigawa mu aina 5: majani mazima na magonjwa 4, mozaiki ikiwa mumoja wao. Akachukua VGG16 iliyokwisha kufunzwa, akafunga tabaka zake za konvolisyoni zisibadilike, akaongeza kichwa chake mwenyewe. Kwenye foto za kufunzia, modeli ilijibu karibu zote vizuri. Kwenye foto mupya, ikaanguka. Akasema foto ni kidogo. Ni kweli, lakini mimi nilimuomba kwanza anionyeshe kichwa.

Foto ya 224 × 224 ikipita mu VGG16, inatoka ikiwa ramani 512, kila moja na visanduku 7 × 7, ni kusema visanduku 49. Kila ramani inatafuta alama yake: moja inaweza kuitika rangi ya njano, ingine ukingo wa jani. Yeye aliweka `Flatten`, kiisha `Dense(256)`, kiisha `Dense(5)`. `Flatten` inatandaza kila kitu mu mustari mumoja: 7 × 7 × 512 = namba 25.088. Kila moja ya zile namba inaungwa na kila neroni ya zile 256:

25.088 × 256 + 256 = 6.422.784

Ongeza 1.285 za tabaka ya mwisho, unapata 6.424.069. Parametri zaidi ya milioni 6 za kufunza, na foto mia kadhaa tu! Modeli iko na nafasi ya kutosha ya kukariri kila foto, haina lazima ya kuelewa ugonjwa.

Lakini kuna jambo baya kupita ule wingi. Mu `Flatten`, doa la njano likiwa juu kushoto liko na parametri zake, na doa lile lile likiwa chini kuume liko na zingine kabisa. Basi modeli inapaswa kujifunza mozaiki mara 49, kila sanduku na somo lake. Ukisogeza simu kidogo wakati wa kupiga foto, kwake ni kama jani ingine.

Mu 2013, Min Lin, Qiang Chen na Shuicheng Yan walitoa andiko Network in Network na njia ingine: kwa kila ramani, chukua wastani wa visanduku vyake vyote. Kwetu, visanduku 49 vinakuwa namba moja, na ramani 512 zinatoa namba 512 tu. Wastani hauna kitu cha kujifunza, njo maana mu `model.summary()` mustari wake unaandika parametri 0.

```python
x = GlobalAveragePooling2D()(base.output)
out = Dense(5, activation="softmax")(x)
```

Hesabu: 512 × 5 + 5 = 2.565. Ni karibu mara 2.500 chini. Mutu atasema naiba, ju nimeondoa pia `Dense(256)`. Sawa, tuirudishe: 512 × 256 + 256 + 1.285 = 132.613. Bado ni karibu mara 48 chini. Basi uzito mukubwa unatoka mu kule kutandaza.

VGG16 yenyewe inaonyesha jambo hilo. Iko na parametri 138.357.544, na 102.764.544 kati yake ziko mu tabaka moja tu, ile inayofuata `Flatten`. Konvolisyoni zote pamoja ni 14.714.688. ResNet ya 2015 ilichukua njia ya wastani.

Usitumaini sana mbio, lakini. Faili itapungua (zile milioni 6 ni karibu megabaiti 26), ila kazi kubwa ya kuzidisha iko mu konvolisyoni, na hizo haujazigusa. Simu yako itachelewa vilevile.

Na wastani uko na ubaya wake. Tuseme ramani moja inatoa 7 kila mahali inapoona ugonjwa. Mozaiki ikienea jani lote, wastani ni 7. Doa likiwa mu sanduku moja tu, ni 7 ÷ 49, karibu 0,14, namba inayoweza kupotea kati ya zingine. Utaijua hivi: modeli inakosa majani yenye ugonjwa unaoanza, inayaita mazima, lakini ukikata foto karibu na doa inajibu vizuri. Hapo jaribu `GlobalMaxPooling2D`, inayochukua sanduku lenye nguvu kupita yote. Nayo iko na parametri 0, lakini hata uchafu mumoja wa matope juu ya jani unaweza kuidanganya.