Sabtaito Zinazidi Kutangulia? Achana na H

Swali limekuja tena, safari hii kutoka Isongole, kwa kijana anayeonyesha filamu kandokando ya barabara ya Uyole kwenda Tukuyu: “Kaka, sabtaito zinatangulia sauti. Nibonyeze H mara ngapi?”

Hakuna idadi. Kitufe cha H kwenye VLC huchelewesha maandishi yote kwa kipimo kilekile, milisekunde 50 kila ukibonyeza. Ugonjwa wako si wa kipimo kimoja. Umeniambia mwenyewe: neno la kwanza liliandikwa dakika ya 2, sauti ikaja sekunde 5 baadaye; la mwisho liliandikwa saa 1 na dakika 50, sauti ikaja baada ya dakika 4 na sekunde 42. Ukirekebisha mwanzo, mwisho unabaki umeharibika. Ukitaka kurekebisha mwisho, ubonyeze mara 5,640, na mwanzo nao uharibike. Wapo wanaokaa na kitufe hicho filamu nzima na kuita hayo ufundi. Wengine husingizia kompyuta nzito au flashi mbovu, kana kwamba flashi mbovu inajua kuchelewa kwa hesabu.

Maana hesabu ipo. Gawanya sekunde 282 za mwisho kwa 6,600, kisha 5 na kidogo za mwanzo kwa 120: zote zinakupa takribani 0.0427. Hiyo ndiyo tofauti ya fremu 25 kwa sekunde na 23.976. Televisheni za kwetu zilifuata mfumo wa PAL wa fremu 25, kwa hiyo filamu iliyopigwa kwa fremu 24 iliendeshwa haraka kidogo, na ile ya saa 2 ikaisha kwa saa 1, dakika 55 na sekunde 12. Aliyeandika sabtaito zako alitazama nakala ya namna hiyo. Wewe unayo ya 23.976. Faili la SRT halina fremu ndani yake, lina saa tu, kwa hiyo kila saa lazima izidishwe.

Dawa ni fupi. Kwenye VLC bonyeza Ctrl+J uone fremu za video. Fungua sabtaito kwa Subtitle Edit, ingia Synchronization, kisha Change frame rate: kutoka 25 kwenda 23.976. Hifadhi kwa jina jipya. Kama zinazidi kuchelewa badala ya kutangulia, geuza namba. Baada ya hapo pengo likibaki sawa mwanzo hadi mwisho, sasa H inaruhusiwa. Usipojua fremu za asili, tumia Point sync: linganisha neno moja la mwanzo na moja la mwisho.

Lakini pengo likiruka ghafla katikati ya filamu, nakala yako imekatwa tofauti na ya mwandishi. Hapo kuzidisha hakusaidii. Tafuta sabtaito nyingine.