Usitume arbuni kabla ya maandishi: kumwagiza mpishi wa arusi Homa Bay

Sisi wa pwani tumezoea kumwagiza mpishi kwa mdomo, na mara nyingi hatuharibikiwi. Unamwendea fundi wa mtaani, unamwambia "pilau ya kilo thalathini, Jumamosi baada ya sala", na mengine yote anayajua mwenyewe. Anajua nyama iende kiasi gani, sinia moja ni ya watu wangapi, wanaume wanakula wapi na wanawake wapi. Hayo hamkuyataja kwa sababu nyote wawili mmelelewa ndani ya desturi moja.

Shida huanza shughuli inapohama. Siku hizi vijana wetu wanaoa Homa Bay, na binti zetu wanaolewa Migori. Jamaa walioko Mombasa au Malindi hupewa nambari ya mpishi wa huko, wanampigia simu, wanaelewana vizuri, kisha wanatuma arbuni kwa M-Pesa. Nimesaidia familia kadhaa kuandikiana na wapishi wa upande wa ziwa, na ninaloliona kila mara ni kwamba pande mbili zilizoelewana kwenye simu huwa kila mmoja ana shughuli yake kichwani.

Tofauti ya kwanza ni kipimo. Sisi tunahesabu kwa kilo za mchele na kwa sinia. Mpishi wa Migori au Homa Bay kwa kawaida huhesabu kwa sahani, yaani bei ya mtu mmoja mara idadi ya watu. Ukimwambia "kilo ishirini na tano", yeye anataka kujua ni sahani ngapi. Akikwambia "sahani mia mbili", wewe unaona sinia arubaini za watu watano watano, na yeye anaona sahani mia mbili za kupanga mezani. Siku yenyewe sinia hazipo, kwa sababu hakuna aliyemwambia azilete.

Basi tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Familia ya Mombasa inafanya walima Homa Bay mjini, Jumamosi tarehe 5 Desemba 2026, wageni 200. Mpishi waliyeelekezwa yuko Migori. Bei waliyoafikiana kwenye simu tuifanye shilingi 500 kwa sahani, kwa hivyo jumla ni shilingi 100,000. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, mwenye shughuli anakaa chini na kuandika ujumbe. Haombi tu "nithibitishie kwa maandishi", kwa sababu ombi hilo hujibiwa "sawa, usijali". Anaandika yeye alivyoelewa, halafu anamtaka mpishi ajibu kipengele kwa kipengele. Ujumbe wenyewe unaweza kuwa hivi:

"Mama, habari za leo. Nashukuru kwa mazungumzo yetu ya jana. Naandika tulivyokubaliana ili nawe uangalie kama nimeelewa sawa.

Chakula: pilau ya nyama ya ng'ombe, mchele kilo 25 na nyama kilo 25, vipande viwili kwa kila mgeni. Kachumbari, ndizi moja kwa kila mgeni, maji chupa moja ya nusu lita. Nyama ichinjwe na Mwislamu, na utaniambia utainunua bucha gani.

Watu: 200, wanaume 110 na wanawake 90. Idadi ya mwisho nitakupa Jumamosi tarehe 28 Novemba. Haitashuka chini ya 180. Kila sahani ya ziada ni shilingi 500.

Vyombo: utaleta wewe sinia 40, mabirika ya kunawia na vijakazi wa kupakua wanane.

Muda: mtafika Homa Bay saa 12 asubuhi (06:00) na kupikia pale pale uwanjani. Wanaume watapakuliwa saa 7 na nusu mchana (13:30), wanawake saa 8 mchana (14:00).

Malipo: 40,000 ukishanijibu. 45,000 tarehe 28 Novemba pamoja na idadi ya mwisho. 15,000 siku yenyewe, sinia zote zikishatoka.

Tafadhali nijibu hapa WhatsApp kwa jina lako, useme ni lipi umekubali na ni lipi la kurekebisha. Nikipata jibu lako natuma arbuni."

Tazama kwanza hesabu ya chakula. Kilo moja ya mchele wa pilau hutosha watu wanane hivi, na ndiyo maana wageni 200 wamepata kilo 25. Kuandika kilo na sahani pamoja ndiko kunakoziunganisha lugha mbili. Mpishi akisoma anaona haraka kama bei yake ya shilingi 500 inaweza kubeba nyama kilo 25 au alikuwa amepiga hesabu ya kilo 15. Kama haiwezi, bora aseme leo. Lile neno "vipande viwili" nalo lina kazi yake. Wageni wakiachwa wajipakulie, nyama huisha kabla ya wali, na wanaokula mwisho, aghalabu wanawake, hupata wali na mchuzi wake. Kwa hivyo ukikubali wageni wajipakulie, andika ni nani atakayesimama kwenye sufuria ya nyama.

Kama menyu ni samaki, usiandike "samaki" ukaishia hapo. Kwetu neno hilo hutuletea changu au nguru. Homa Bay ni mji wa ziwani, na samaki anaweza kuwa ngege mzima wa kukaanga, minofu ya mbuta, au omena. Wote ni samaki, na bei zao hazikaribiani. Andika jina, andika kama ni mzima au kipande, na idadi.

Kwenye muda kuna mitego miwili. Wa kwanza ni saa zenyewe. "Saa 7" kwetu ni mchana, lakini mtu aliyezoea kuandika saa kwa Kiingereza akiona 7 tupu kwenye simu anaweza kuisoma asubuhi au jioni. Ndiyo maana ujumbe una saa ya Kiswahili, neno "mchana", na 13:30 kando yake. Wa pili ni "baada ya sala". Homa Bay iko magharibi ya Mombasa kwa zaidi ya nyuzi tano za longitudo, hivyo adhuhuri huko huingia dakika kama 20 baada ya Mombasa. Anayepanga kutoka Mombasa kwa ratiba ya msikiti wake atajikuta chakula kimeshaiva na watu bado wako kwenye safu. Uliza ratiba ya msikiti wa pale, kisha mpe mpishi saa ya ukutani.

Jambo la muda linaingia pia kwenye mahali pa kupikia. Kutoka Migori hadi Homa Bay unapita Rongo, na ni safari ya zaidi ya saa moja hata barabara ikiwa njema. Pilau ikiondoka Migori saa 4 asubuhi ili "iwahi", ifikapo saa 7 na nusu imekaa saa tatu na nusu. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kinachosubiri kuliwa kiwe moto zaidi ya nyuzi 60. Sufuria kubwa iliyofunikwa vizuri huhifadhi moto katikati, lakini kachumbari na nyama ya juu hazina bahati hiyo. Kwa hivyo ama apikie uwanjani, ama aandike atatumia vyombo gani vya kutunza moto. Akipikia uwanjani, ongeza mstari mmoja: kuni au gesi ni ya nani, na maji yatatoka wapi.

Sasa malipo. Watu huyagawa kwa kutazama mfuko wao tu, ilhali ugawaji mzuri hufuata kazi. Mpishi hana ghala la nyama. Wiki ya shughuli ndiyo anayonunua, kwa hivyo malipo makubwa ya pili yanakwenda siku ile ile anayopata idadi ya mwisho. Ukishikilia nusu ya pesa hadi siku ya arusi, atapunguza nyama au atakopa kwa muuza mchele, na hasara itaingia kwenye sinia lako. Lakini ukimlipa zote mapema, hutabaki na neno la kusema zikitoka sinia 32 badala ya 40. Ile 15,000 ya mwisho inatosha kumfanya ahesabu nawe.

Idadi ikibadilika, maandishi yenyewe yanatoa jibu. Tarehe 28 wageni wakifika 220, sahani 20 za ziada ni 10,000, na malipo ya pili yanakuwa 55,000. Wakishuka hadi 170, unalipia 180, yaani 90,000, kwa sababu ndiyo ahadi uliyompa naye akaagiza kwayo. Hakuna haja ya kubishana.

Huenda mtu akasema risiti ya M-Pesa inatosha. Risiti ile inaonyesha jina, kiasi, tarehe na saa. Haionyeshi pesa ilikuwa ya nini. Sheria ya Kenya inatambua makubaliano ya mdomo ya namna hii, ila mzigo ni kuyathibitisha. Mkifika kwenye Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016 na inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, kitakachokusaidia ni ujumbe ule, jibu lake, na risiti iliyotumwa baada ya jibu. Mpangilio huo wa tarehe ndio unaosema kisa chenyewe. Arbuni ikitangulia maandishi, mpishi anaweza kusema alilipwa kwa kazi nyingine.

Jibu lenyewe nalo lisome vizuri. "Sawa mama" si uthibitisho, na "nitakutumia risiti baadaye" pia si uthibitisho. Ukipata majibu hayo, uliza swali moja tu ambalo haliwezi kujibiwa kwa sawa: "Nyama ni kilo ngapi na utainunua wapi?" Mpishi aliyepiga hesabu atakujibu siku hiyo hiyo, na pengine atakurekebisha, akuambie kwa wageni 200 vijakazi wanane hawatoshi. Rekebisho la namna hiyo ni dalili njema kuliko kukubaliwa kila kitu. Anayeendelea kukwepa, hujampoteza mpishi, na pesa yako bado iko kwenye simu yako.

Baadhi ya wazee wetu huona haya kuandikiana na mtu waliyeelekezwa na jamaa, kana kwamba ni kumtuhumu. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara imeamrisha deni la muda maalumu liandikwe, na haikuwavua watu wanaoaminiana. Mpishi mwenyewe analindwa pia. Familia ikimletea watu 260 siku ya 200, karatasi hiyo ndiyo itakayomwezesha kusema kwa utulivu kwamba sinia 40 alizoahidi zimetoka zote.