Weupe Juu ya Chokoleti na Asilimia ya Kakao: Namna ya Kuzisoma Dalili Hizi

Mgonjwa mmoja wa kisukari anayejidunga insulini hubeba kipande cha chokoleti nyeusi mkobani, kwa ajili ya siku ambayo sukari ya damu itashuka ghafla. Chokoleti hiyo imepitia joto la daladala, ikalazwa kwenye jokofu, kisha ikarudi mkobani. Anapoifungua anaiona imefunikwa na utando mweupe, na swali linamjia papo hapo: je, imeoza? Swali hilo ni la haki, lakini lipo la pili lililo zito zaidi ambalo wachache huliuliza: je, maandishi ya «kakao asilimia 70» yaliyo kwenye karatasi yake yanamwambia nini?

Weupe huo, mara nyingi, si uozo. Chokoleti ya kawaida isiyo na kitu ndani ina maji machache mno, kiasi kwamba kuvu hawapati unyevu wa kuwawezesha kuota. Kinachoonekana ni moja ya mambo mawili: mafuta au sukari.

Utando wa mafuta huletwa na joto. Siagi ya kakao, yaani mafuta asilia ya punje za kakao, huweza kuganda katika maumbo sita tofauti ya chembe. Mtengenezaji huipasha na kuipoza kwa vipimo ili ipatikane chembe ya umbo la tano, ambayo huyeyuka karibu na nyuzijoto 34, chini kidogo ya joto la mwili. Ndiyo sababu chokoleti nzuri hung'aa, hukatika kwa mlio mkavu na kuyeyuka mdomoni. Ikiachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani, mafuta hayo huyeyuka, hupanda juu na kuganda upya bila mpangilio. Hata bila kuyeyuka kabisa, joto linalopanda na kushuka kila siku huyasukuma mafuta polepole hadi juu, yakatanda kama vumbi la kijivu.

Utando wa sukari, kwa upande wake, huletwa na unyevu. Chokoleti baridi inapotolewa kwenye jokofu na kufunguliwa katika hewa nzito ya pwani, matone madogo ya maji hutua juu yake. Maji hayo huyeyusha sukari ya juu, na yanapokauka huacha chembe za sukari zilizo kavu na zenye kukwaruza.

Kuzitofautisha hali hizi hakuhitaji maabara. Pitisha kidole juu ya weupe huo kwa upole. Ukiyeyuka na kuacha utelezi, ni mafuta. Ukibaki na kukwaruza, ni sukari. Kama shaka ingalipo, dondosha tone dogo la maji: juu ya mafuta tone hujikunja na kusimama, juu ya sukari hutawanyika na weupe huyeyuka. Hali zote mbili hupunguza uzuri wa ladha na ulaini, lakini hazimdhuru mlaji, wala hazibadilishi kiasi cha sukari kilichomo.

Kuvu ni jambo jingine. Wenyewe huwa na manyoya au nyuzi, hukaa kwa mabaka badala ya kutanda sawasawa, mara nyingine huwa na rangi ya kijani au nyeusi, na huandamana na harufu ya uvundo. Hutafutwa hasa katika chokoleti zilizojazwa krimu, matunda au karanga, kwa kuwa vijazo hivyo vina unyevu au huharibika kwa namna yake. Chokoleti yenye dalili hizo hutupwa yote. Kukwangua sehemu iliyoathirika hakutoshi. Hutupwa pia ile inayonuka kama mafuta yaliyochacha, hata kama sura yake ni safi.

Hata hivyo, macho yana mpaka wake. Mwaka 2022 nchi kadhaa, nyingi zikiwa za Ulaya, zilikumbwa na mlipuko wa salmonela uliohusishwa na chokoleti kutoka kiwanda kimoja nchini Ubelgiji, na wengi wa waliougua walikuwa watoto wa chini ya miaka kumi. Bakteria huyo hazaliani ndani ya chokoleti kavu, lakini huweza kuishi humo kwa muda mrefu, na mafuta humkinga asiuawe na tindikali ya tumbo. Hana rangi, harufu wala utando. Kwa hiyo weupe si ushahidi wa hatari, na mng'ao si ushahidi wa usalama. Dhidi ya hatari hiyo ulinzi wa mnunuzi ni pakiti isiyotoboka, tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, na kusikiliza matangazo ya kurudishwa kwa bidhaa.

Turudi kwenye ile asilimia. Namba hiyo hujumlisha kila kilichotoka kwenye punje ya kakao: sehemu kavu yenye rangi na uchungu, pamoja na siagi yake. Haisemi kila moja ni kiasi gani. Ndiyo maana chokoleti mbili za asilimia 70 huweza kutofautiana sana kwa uchungu na ulaini. Haisemi pia punje zilichachushwa na kukaangwa vizuri kiasi gani. Namba kubwa, basi, si cheti cha ubora.

Jambo moja, hata hivyo, hulisema vizuri. Katika chokoleti nyeusi isiyo na maziwa, kinachobaki baada ya kakao karibu chote ni sukari. Asilimia 70 ya kakao humaanisha takriban gramu 30 za sukari katika kila gramu 100. Katika chokoleti ya maziwa hesabu hii haifai, kwa sababu sehemu inayobaki ina maziwa pia; hapo husomwa jedwali la virutubisho, kwenye mstari wa sukari.

Sasa hesabu ya mgonjwa wetu. Kipande chake kina uzito wa gramu 20, hivyo kina sukari gramu 6 hivi. Sukari ya damu ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, yaani miligramu 70 kwa desilita, mtu aliye na fahamu na anayeweza kumeza huhitaji takriban gramu 15 za sukari inayofyonzwa haraka. Kipande hicho hakifikii nusu ya kiasi hicho. Zaidi ya hayo, kina mafuta ya kama gramu 8, ambayo huchelewesha tumbo kutoa chakula, na sukari hiyo ndogo hufika damuni kwa kuchelewa. Kadiri asilimia ya kakao inavyopanda, ndivyo chokoleti inavyozidi kutofaa kwa dharura hii.

Kinachomfaa mkobani ni sukari ya kawaida, vijiko vya chai vitatu vilivyojaa vya kukorogwa kwenye maji, au soda ndogo isiyo ya kupunguza sukari, ambayo hunywa kama nusu glasi. Baada ya dakika 15 hupima tena, na akiwa bado chini hurudia. Aliyepoteza fahamu halishwi wala hanyweshwi kitu. Hulazwa ubavu na kupelekwa hospitali mara moja.

Chokoleti yake yenye utando wa mafuta anaweza kuila siku ya kawaida, ikiwa imehesabiwa katika mlo wake. Aihifadhi mahali pakavu penye ubaridi. Akilazimika kutumia jokofu, aifunge vizuri ndani ya chombo chenye mfuniko, na akiitoa asikifungue chombo hicho mpaka kipoteze ubaridi.