Mfuatano Usiotulia na Vikomo Vyake Viwili

Uangalie mfuatano ambao namba yake ya n ni (−1)ⁿ(1 + 1/n). Unaanza na −2, kisha 1.5, halafu takriban −1.33, 1.25, −1.2, 1.17, na kuendelea bila mwisho. Haupandi kupita 1.5 wala haushuki chini ya −2, kwa hiyo una mipaka. Lakini kikomo hauna. N ikiwa shufwa unaruka upande wa chanya, ikiwa witiri unarudi hasi, na namba mbili zinazofuatana daima zinaachana kwa zaidi ya 2.

Je, hakuna la kusema kuhusu mwisho wake? Lipo. Mfaransa Augustin-Louis Cauchy, katika kitabu chake cha mwaka 1821, alishaitumia fikra ya vikomo vingi na kuchagua kilicho kikubwa kuliko vyote.

Hesabu yenyewe inafanywa kwa kukata kichwa cha mfuatano na kuutazama mkia uliobaki. Mkia ukianzia n = 1, namba kubwa kuliko zote ni 1.5. Ukianzia n = 3, ni 1.25. Ukianzia n = 101, ni 1 + 1/102, yaani karibu 1.0098. Kilele hiki hakiwezi kupanda tena, maana kuondoa namba hakuongezi iliyo kubwa. Kinashuka na kuikaribia 1. Hiyo 1 ndiyo kikomo cha juu. Upande wa pili, namba ndogo kuliko zote katika mkia huanza −2, hupanda hadi −1.33, kisha −1.2, na kuelekea −1, ambayo ni kikomo cha chini.

Wanafunzi wengi hujibu 1.5 hapa, na ni kosa. Namba 1.5 imetokea mara moja tu, mwanzoni, na mwanzo hauna sauti katika jambo hili. Wala 1 si dari: namba zote za shufwa ziko juu yake. Inachodai ni kwamba ukipanda kidogo tu, tuseme hadi 1.01, zinazokupita zinahesabika. Kwa kweli ni 49, kuanzia n = 2 hadi n = 98.

Kikomo cha kawaida kipo pale tu vikomo hivi viwili vinapokutana. Mfuatano (−1)ⁿ/n nao unayumba, lakini vilele vyake 1/2, 1/4, 1/6 na mabonde yake −1, −1/3, −1/5 yote yanaelekea 0, basi kikomo chake ni 0.

Jihadhari unapojumlisha. Chukua mfuatano wa kwanza na mwenzake uliogeuzwa alama: kila mmoja una kikomo cha juu 1, lakini jumla yao ni 0 kila mahali, si 2. Kikomo cha juu cha jumla hakizidi jumla ya vikomo vya juu, ila chaweza kupungua. Hapo andika ≤, usiandike =.