Mvua Iliyokatwa Kichwa

Katika shule nyingi za sekondari Tanzania na Kenya, mwanafunzi wa jiografia huchora grafu moja yenye mambo mawili: mvua ya kila mwezi kwa nguzo, na joto kwa mstari unaopita juu ya nguzo hizo. Mvua husomwa upande wa kushoto kwa milimita, joto upande wa kulia kwa nyuzi. Grafu hiyo hiyo hutumika katika ripoti za kilimo, na siku hizi wengi hawaichori kwa rula na penseli bali kwa Excel. Hapo ndipo inapoanza kusema yasiyokuwamo kwenye takwimu, ingawa kila namba iliyoingizwa ni sahihi.

Tuchukue kituo cha kupimia mvua mahali fulani pwani, kwa takwimu za mfano tu. Mwaka wa kawaida Aprili ina milimita 254, Mei 190, Juni 35 na Julai 30. Joto la wastani halipandi zaidi ya nyuzi 28 wala kushuka chini ya 24. Anayetayarisha ripoti anataka grafu za miaka mbalimbali zilinganishwe bila taabu, kwa hiyo anabofya mhimili wa mvua mara mbili, anafungua `Format Axis`, na chini ya `Bounds` anaandika 300 penye `Maximum`. Amefanya jambo la busara. Kama kila mwaka una skeli yake, nguzo ya mwaka huu haiwezi kuwekwa kando ya ile ya mwaka jana na macho yakahukumu kwa haki. Faili linahifadhiwa, na kila mwaka mpya mtu anaingiza namba tu.

Kisha unakuja mwaka wa mvua kubwa. Afrika Mashariki inaifahamu miaka hiyo: vuli ya 1961, ya 1997 wakati wa El Nino, na ya 2019, ambapo maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipata joto kuliko ya mashariki na mvua ikazidi mno upande wetu. Tuseme katika kituo chetu ni masika yaliyozidi, na Aprili inafika milimita 412. Excel haikatai namba hiyo, haitoi onyo, wala haibadilishi rangi. Inachora nguzo hadi 300 na kuishia hapo. Milimita 112 zimekatwa, na anayeitazama grafu anaona mwezi wa mvua nyingi tu, sawa kabisa na ambao ungekuwa na milimita 301. Mwaka uliobomoa madaraja umefanana na mwaka uliojaza mitaro.

Kama mvua ingechorwa kwa mstari badala ya nguzo, dalili ingekuwa wazi zaidi, maana mstari ungepanda, ukapotea kwenye ukingo wa juu, kisha ukarudi mwezi unaofuata. Nguzo ni hatari zaidi kwa sababu hukatwa kwa unyoofu na kubaki na umbo lake. Cha kutazama ni kichwa chake: nguzo inayogusa ukingo wa juu kabisa wa grafu, bila nafasi hata kidogo, ni ya kushukiwa. Excel inapojipangia skeli yenyewe, karibu kila mara huacha uwazi juu ya namba kubwa kuliko zote. Ushahidi wenyewe uko palepale kwenye `Bounds`: kando ya `Maximum`, neno `Auto` maana yake programu inajipangia, na kitufe cha `Reset` maana yake kuna mtu aliwahi kuandika namba kwa mkono, pengine miaka mitano iliyopita, na namba hiyo bado inatawala. Grafu ikinakiliwa kwenye faili jingine, kikomo hicho huhama nayo.

Kisanduku cha `Maximum` hakipokei fomula, kwa hiyo hakiwezi kuambiwa kifuate namba za kwenye jedwali. Unaloweza kufanya ni kuweka mlinzi kwenye seli iliyo jirani na jedwali. Ikiwa mvua iko kwenye seli B2 hadi B13:

```
=IF(MAX(B2:B13)>300,"Mhimili umejaa","Sawa")
```

Ni kitu kidogo, lakini kinamwambia anayeingiza namba ya Aprili kwamba grafu yake imeanza kukata, kabla ripoti haijatoka mlangoni.

Watu wengi wakigundua hitilafu hiyo hubofya `Reset` na kuona wamemaliza. Nguzo ya Aprili inapanda mpaka 412, mhimili wa mvua unaishia 450, na grafu inaonekana imepona. Lakini mhimili wa kulia, ule wa joto, haukuguswa. Tuseme nao ulifungwa tangu mwanzo kwenye nyuzi 30. Mwaka jana milimita 300 zilisimama kimo kimoja na nyuzi 30. Mwaka huu milimita 450 ndizo zinazolingana na nyuzi 30. Mei iliyopata milimita 190, ambayo mwaka jana ilifika karibu theluthi mbili ya kimo cha grafu, sasa haifiki hata nusu. Mstari wa joto uko palepale. Msomaji anayeweka kurasa mbili kando kwa kando ataona Mei iliyokauka chini ya jua lile lile, ilhali mvua ya Mei haikupungua hata tone.

Na tukiiacha mihimili yote miwili kwenye `Auto`? Hapo pwani tunapata tatizo jingine. Excel ina desturi yake: ikiwa tofauti kati ya namba kubwa na ndogo ni chini ya takribani asilimia 17 ya ile kubwa, mhimili hauanzii sifuri. Joto letu ni kati ya 24 na 28, tofauti ya nyuzi 4 tu, ambayo ni kama asilimia 14. Basi mhimili wa joto utaanzia karibu na 22 na kuishia karibu na 29. Mstari uliopaswa kuwa karibu tambarare, kama pwani ilivyo, unaporomoka kutoka juu ya grafu hadi karibu na chini ifikapo Juni, kana kwamba tumehamia nchi yenye majira ya theluji. Mvua inaanzia sifuri, joto linaanzia 22, na msomaji hana sababu ya kudhani kwamba pande mbili za karatasi moja zina sakafu tofauti.

Mahali mistari miwili inapokutana kwenye grafu ya mihimili miwili ndipo jicho linapokwenda kwanza, na kwa kawaida mahali hapo hapana maana yoyote. Ukibadili kikomo cha upande mmoja, makutano yanahama kutoka Mei hadi Februari. Hili ndilo ninalotaka lieleweke, kwa sababu katika jiografia makutano hayo yana kazi. Mwaka 1953 Wafaransa wawili, Bagnouls na Gaussen, walipendekeza kwamba mwezi uhesabiwe kuwa mkavu ikiwa mvua yake kwa milimita ni chini ya mara mbili ya joto lake kwa nyuzi za sentigredi. Mjerumani Heinrich Walter aliigeuza kanuni hiyo kuwa mchoro, na kuanzia 1960 yeye na Helmut Lieth wakachapisha atlasi ya dunia ya michoro hiyo. Ndani yake nyuzi 10 hukaa daima kimo kimoja na milimita 20. Mvua ikishuka chini ya mstari wa joto, ni kiangazi. Ikiwa juu yake, mimea ina maji.

Rudi kwenye kituo chetu na skeli ya 300 kwa 30. Hapo nyuzi moja ni sawa na milimita 10, wala si 2. Mei yenye nyuzi 26 inaweka mstari wa joto kimo cha milimita 260, juu kabisa ya nguzo ya 190. Mwanafunzi aliyefundishwa kusoma makutano ataandika kwamba Mei ni mwezi mkavu. Kwa kanuni, mara mbili ya 26 ni 52, na milimita 190 ziko mbali juu ya hapo. Mwezi mkavu ni Juni: joto 24, mara mbili yake 48, mvua 35. Hata Aprili ya kawaida, yenye milimita 254, ingehesabiwa kavu kwenye grafu ile, katikati ya masika.

Njia ninayoipendelea ni kuuondoa kabisa mhimili wa pili. Ikiwa joto liko kwenye safu ya C, tengeneza safu mpya ya joto mara mbili na uichore kwenye mhimili mmoja na mvua:

```
=2*C2
```

Andika kwenye maelezo ya grafu kwamba mstari ni joto mara mbili. Sasa hakuna upande utakaohama peke yake. Kwa kuwa mvua ya mwaka hutofautiana sana kutoka mwezi hadi mwezi, hata `Auto` itaanzia sifuri. Kanuni ya Gaussen yenyewe ni kipimo cha jumla, haijui kama udongo wako ni mchanga au mfinyanzi, lakini angalau grafu itakuwa inaitii.

Inabaki Aprili ya milimita 412, ambayo kwenye mhimili huo mmoja inaubana mstari wa joto chini kabisa. Baadhi ya watu hukimbilia skeli ya logi. Kwa mvua haifai, kwani skeli ya logi haina mahali pa kuweka sifuri, na Dodoma ina miezi ambayo sifuri ndiyo kipimo halisi. Walter alitatua jambo hilo kwa namna nyingine: kuanzia milimita 100 kwenda juu, skeli inabanwa mara kumi, na eneo hilo hupakwa rangi nzito ili kila msomaji aone kwamba kipimo kimebadilika.

```
=IF(B2>100,100+(B2-100)/10,B2)
```

Kwa fomula hiyo Mei inakaa kwenye 109 na Aprili ya 412 inakaa kwenye 131. Hukumu ya ukavu haiguswi, kwa sababu mstari wa joto mara mbili ungehitaji mwezi wenye wastani wa nyuzi 50 ili ufike 100. Sasa unaweza kufunga `Maximum` kwenye 160, `Minimum` kwenye 0, na kulinganisha miaka yote. Mwezi utakaokatwa ni ule utakaozidi milimita 700, na seli ya mlinzi ipewe namba hiyo badala ya 300. Lebo za mhimili juu ya 100 lazima zifichwe na kuandikwa upya kwa mkono: penye 120 andika 300, penye 140 andika 500, penye 160 andika 700.