Apdeti Imechelewa, Shamba Lako Limesalimika

Mkuu wa studio ndogo anapowaandikia wachezaji kwamba toleo jipya la gemu limeahirishwa, wengi husoma mstari wa kwanza, wakakasirika, wakafunga. Sababu ikiwa ni hitilafu katika kuhifadhi mchezo, barua hiyo inafaa kusomwa hadi mwisho. Mhusika akinasa ukutani au muziki ukikatika, marekebisho ya wiki ijayo yanamaliza shida. Faili la mchezaji likiharibika, marekebisho huzuia mengine yasiharibike, lakini lililokwisha kuharibika halirudi.

Hayo yalionekana Desemba 2020. Katika gemu ya Cyberpunk 2077 iliyotengenezwa Polandi, faili la mchezo kwenye kompyuta lilipopita megabaiti 8 liliharibika na halikufunguka tena. Marekebisho ya 1.06 yaliondoa kikomo hicho mwezi huohuo, na studio ikasema wazi kwamba mafaili yaliyoharibika kabla yake hayatapona. Ile ilikuwa studio kubwa, na gemu ilikuwa tayari mikononi mwa watu. Studio ndogo iliyoiona hitilafu kabla ya kutoa toleo ina bahati ambayo haipaswi kuichezea.

Tuchukue mfano wa gemu ya kilimo. Kompyuta haiandiki kwenye faili kwamba una visu vitatu. Huandika namba ya kitu na idadi yake. Tuseme vitu vimepangwa kwa alfabeti: jembe ni 40, kisu 41, ndoo 42. Katika toleo jipya watengenezaji wanaongeza kikapu. Orodha inajipanga upya: jembe linabaki 40, kikapu kinachukua 41, kisu kinasogea 42 na ndoo 43. Mchezaji anafungua shamba lake la zamani, na visu vyake vitatu vinasomeka kuwa vikapu vitatu, ndoo zake zimekuwa visu.

Ubaya ni kwamba gemu haikwami wala haitoi onyo. Kila namba ni halali, kwa hiyo kompyuta haioni kosa. Mchezaji anaviuza vile vikapu asivyokumbuka alivipata wapi, anatengeneza vingine vya kweli, jioni gemu inajihifadhi yenyewe juu ya faili la zamani. Kuanzia hapo, 41 inaweza kuwa kisu cha jana au kikapu cha leo, na hakuna programu inayoweza kuvitofautisha. Ndiyo maana hitilafu hii hugunduliwa na mtu mwenye shamba la muda mrefu, si na anayejaribu gemu kwa kuanza upya kila mara.

Kuitibu si kuandika mstari mmoja. Kwanza kila kitu hupewa kitambulisho cha kudumu kisichotegemea mpangilio wa orodha. Kisha faili hubandikwa namba ya toleo lililoliandika, ili gemu ijue kwamba faili la kale linahitaji kugeuzwa, na ligeuzwe mara moja tu. Likigeuzwa mara mbili, vitu vinahama tena. Mwisho, gemu iandike faili jipya pembeni, ihakikishe linasomeka, ndipo libadilishane nafasi na la zamani. Hapo hata chaji ikiisha katikati ya kuhifadhi, kuna kitu kizima cha kurudia. Stardew Valley, iliyoanzishwa na mtu mmoja, Eric Barone, na kutolewa mwaka 2016, huacha nakala ya siku iliyotangulia, yenye `_old` mwishoni mwa jina lake.

Baada ya hapo kazi yote hujaribiwa kwa mafaili ya kila toleo lililowahi kutoka. Gemu ikiwa inauzwa pia kwenye mashine za kuchezea kwenye televisheni, wenye mashine hizo hukagua toleo kabla halijawafikia wachezaji. Kwa timu ya watu wachache, hizo ni wiki nyingi, na kwangu mimi barua isiyotaja tarehe kwa sasa ni ya kweli kuliko inayotaja tarehe ya kubahatisha.

Kuchelewa husameheka. Kisichosameheka ni barua inayosema tu “matatizo ya kiufundi.” Barua nzuri hutaja toleo lenye hitilafu, dalili ya kuangalia na hatua ya kuchukua leo. Kama umeshajiunga na toleo la majaribio na vitu vimebadilika sandukuni, usilale wala usihifadhi. Toka kwenye gemu kwanza. Nakili folda yote ya mafaili yako mahali pengine, ambayo kwa Stardew Valley kwenye Windows ni `%appdata%\StardewValley\Saves`. Ukiwa na shamba la miaka mingi na studio ikaomba mafaili ya kujaribia, wapelekee nakala yako. Ndiyo wanayoihitaji kuliko zote.