Mulago wafundisha kupima maneno ya muuza dawa

Mfanyabiashara anayepanda basi la kwenda Busia humjua mtu huyu: anasimama katikati ya viti, chupa mkononi, akitangaza kwamba watu 90 kati ya 100 waliokunywa dawa yake ya mafua walipona ndani ya wiki moja. Je, ununue?

Mulago, Kampala, kwenye kitivo cha afya cha Chuo Kikuu cha Makerere, watafiti walishirikiana na wenzao wa Kenya, Rwanda na Norwe kuandaa masomo 10 ya kuwafunza wanafunzi wa sekondari kupima madai kama hayo. Mwaka 2022 yalijaribiwa katika shule za Uganda, Kenya na Rwanda. Waliofundishwa walifanya vizuri kuliko wasiofundishwa.

Kazi ngumu katika somo la aina hii ni lugha. Chukua sentensi ya mtindo wa vitabu vingi: "Ufanisi wa tiba huthibitishwa kwa ulinganisho wa makundi yanayofanana." Ni kweli, lakini mwanafunzi ataikariri asiielewe. Tuiandike upya:

"Ukitaka kujua kama dawa inasaidia, usiwahesabu waliopona peke yao. Walinganishe na watu kama wao ambao hawakuitumia."

Kisha mfano mmoja, wa kubuni. Watu 200 wana mafua. Kwa kura, 100 wanapewa kinywaji cha yule muuzaji, 100 hawapewi. Baada ya siku 7, waliokunywa wamepona 90. Wasiokunywa wamepona 89. Tofauti ni mtu 1 tu, na huenda imetokea kwa bahati. Mafua kwa kawaida hupona yenyewe.

Hapo ndipo mwandishi hukosea kwa kurahisisha kupita kiasi. Akiondoa neno "kura" ili kufupisha, usahihi umepotea. Wenye fedha za kununua kinywaji huenda ndio wanaokula vizuri na kupumzika, na hilo ndilo lililowaponya. Vilevile asiandike kwamba jaribio limethibitisha kinywaji hakifai kabisa. Aseme tu kwamba halikuonyesha faida.

Utajuaje kama maandishi yameeleweka? Mwambie mwanafunzi afunge kitabu, kisha ubadilishe tarakimu moja: wasiokunywa waliopona ni 60, si 89. Aliyeelewa atasema sasa tofauti ni watu 30, hivyo kinywaji kinaelekea kusaidia. Anayejibu, "Ni kilekile, 90 walipona," amekariri. Kosa ni la maandishi, si lake, yarudiwe.

Mfano mmoja hautoshi kumfundisha mtu kila kitu. Haugusi madhara ya dawa wala bei yake. Lakini safari ijayo, chupa ikiinuliwa ndani ya basi, una swali la kuuliza: "Na wasiokunywa, walipona wangapi?"